Kupima nguvu ya kiuaviluwiluwi: kuanzia kikombe cha maji hadi makadirio ya LC50

Mtu anapotaka kujua kama dawa ya kuua viluwiluwi bado inafanya kazi dhidi ya mbu wa mahali fulani, huhitaji ukolezi unaoua nusu ya viluwiluwi, unaoandikwa LC50, na ule unaoua tisa katika kila kumi, yaani LC90. Hesabu ya kuzipata namba hizo siku hizi hufanywa na kompyuta kwa sekunde chache. Ugumu uko kabla ya hapo, katika kupanga vipimo, kutengeneza miyeyusho na kuhesabu waliokufa, kwa sababu programu hutoa LC50 hata kwa takwimu mbovu na haina njia ya kujua kwamba chupa ya mwyeyusho ilikuwa ikivuja mvuke.

Mwongozo huu unafuata mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: dawa ya kuua viluwiluwi iitwayo temefosi dhidi ya Aedes aegypti, mbu aenezaye dengi, ambaye Dar es Salaam ilimfahamu vizuri katika mlipuko wa mwaka 2014. Mbu huyu huzaliana kwenye mapipa, ndoo na matairi yaliyoachwa nje, na mayai yake hukusanywa kwa urahisi kwa kutega vyombo vyeusi vyenye maji na kipande cha karatasi au kitambaa ambacho jike hutagia. Utaratibu wenyewe umejengwa juu ya mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2005. Takwimu za matokeo ni za mfano tu, zimetungwa ili hesabu ifuatike.

Viluwiluwi na maji yao

Mayai kutoka mtaani huanguliwa na viluwiluwi hulelewa hadi wawe mbu wazima, kisha kizazi kinachofuata ndicho hutumika katika jaribio. Wanaofaa ni wale walio mwishoni mwa hatua ya tatu ya ukuaji au mwanzoni mwa hatua ya nne. Sharti hili si la urasimu. Kiluwiluwi mdogo hufa kwa dawa kidogo kuliko mkubwa, kwa hiyo beseni lenye umri mchanganyiko hutoa matokeo yanayosambaa, na aliye mwishoni mwa hatua ya nne anaweza kugeuka pupa kabla ya saa 24 kwisha. Pupa hali chochote, na hawezi kuhesabiwa kuwa ameishinda dawa. Njia ya kuepuka umri usiolingana ni kuangua mayai yote kwa pamoja, kutowasonga viluwiluwi kwenye beseni na kuwapa chakula cha kutosha. Beseni lenye njaa hutoa viluwiluwi wa ukubwa tofauti, hata kama wote walianguliwa saa moja.

Maji ya bomba yaachwe kwenye chombo kipana usiku kucha au zaidi ili klorini itoke. Joto la chumba liwe kati ya nyuzi 25 na 28 za Selsiasi, mwanga saa 12 na giza saa 12. Katika jaribio la saa 24 chakula hakiwekwi, kwa kuwa chembe za chakula hunasa temefosi na kupunguza kiasi kinachomfikia kiluwiluwi. Vikombe viwe vya kioo, au vya kutumia mara moja na kutupa. Plastiki iliyotumika jana kwa ukolezi mkubwa hubaki na dawa ukutani hata baada ya kuoshwa, na kikombe cha namna hiyo kikiangukia kundi linganishi, yaani vikombe visivyotiwa dawa, kinaharibu siku nzima.

Kupata masafa ya ukolezi

Huwezi kuchagua vipimo vitano vizuri bila kujua dawa inaanza kuua wapi na inamaliza wapi. Kwa hiyo huanza jaribio dogo la kutafuta masafa, lenye vipimo vinavyopishana mara kumi: mikrogramu 0.1, 1, 10, 100 na 1,000 kwa lita, kikombe kimoja au viwili kwa kila kipimo. Tuseme kwamba kwenye mikrogramu 1 hakufa karibu yeyote na kwenye 10 walikufa karibu wote. Habari yote unayoitafuta imo kati ya namba hizo mbili.

Sasa vipimo vya jaribio lenyewe hupangwa humo ndani, vinne au vitano, na kila kimoja huwa kile cha chini yake kikizidishwa kwa namba ileile. Tukichukua uwiano wa 1.5 na kuanzia 2 tunapata 2, 3, 4.5, 6.8 na 10 (namba mbili za mwisho zimekadirishwa). Tunazidisha badala ya kujumlisha kwa sababu uchambuzi utafanywa kwenye logarithimu ya ukolezi, na ni vipimo vya kuzidisha tu vinavyokaa kwa nafasi sawa kwenye mizani hiyo. Lengo ni kwamba vifo viangukie kati ya asilimia 10 na 95, angalau vipimo viwili vikiwa chini ya nusu na viwili juu yake. Kipimo kinachoua wote au kisichoua hata mmoja hakikufundishi mengi kuhusu mahali mstari wa vifo dhidi ya ukolezi unapopita.

Miyeyusho, ambako makosa mengi hujificha

Temefosi haiyeyuki vizuri katika maji, hivyo huyeyushwa kwanza katika ethanoli au asetoni. Hapa ndipo watu wengi hutafuta njia ya mkato: wanatengeneza mwyeyusho mmoja, kisha wanatia matone mengi kwenye kikombe cha ukolezi mkubwa na machache kwenye kile cha ukolezi mdogo. Matokeo yake ni kwamba kiasi cha ethanoli nacho kinapanda pamoja na dawa, na hakuna tena anayeweza kusema kwa uhakika ni kipi kilichoua. Ninashauri, bila kusitasita, kutengeneza mwyeyusho tofauti kwa kila kipimo na kutia ujazo uleule katika kila kikombe.

Hesabu yake ni nyepesi. Ikiwa temefosi uliyonayo ina usafi wa asilimia 95, pima miligramu 105.3 ili upate miligramu 100 za kiambato chenyewe, kisha yeyusha na ujazie ethanoli hadi mililita 100. Huo ni mwyeyusho mama wenye miligramu 1,000 kwa lita. Chukua mililita 1 yake, ijazie hadi mililita 100 kwenye chupa nyingine, upate miligramu 10 kwa lita. Kutoka humo, chukua mililita 2, 3, 4.5, 6.8 na 10, kila moja kwenye chupa yake ya kupimia ya mililita 100, na ujazie ethanoli hadi kwenye alama. Sasa mililita 1 ya chupa yoyote kati ya hizo, ikitiwa kwenye kikombe ambacho jumla ya ujazo wake itakuwa mililita 100, itatoa mikrogramu kwa lita zinazolingana na mililita ulizochukua: 2, 3, 4.5, 6.8 au 10. Mpangilio huu una faida kwamba namba ya kwenye chupa ndiyo namba ya kwenye daftari, na mtu aliyechoka saa kumi jioni hana hesabu ya kukosea.

Chupa zifunikwe kwa karatasi ya alumini, zifungwe kabisa na zihifadhiwe kwenye jokofu. Chora mstari kwa kalamu ya wino usiofutika mahali kimiminika kilipofikia. Ethanoli huvukia, na mwyeyusho uliopungua bila kutumika umekuwa mkali zaidi ya ulivyoandikwa. Dalili yake kwenye takwimu ni vifo vinavyopanda siku hadi siku kwa kipimo kilekile huku kundi linganishi likiwa halijabadilika.

Siku ya jaribio

Panga vikombe vinne kwa kila kipimo na vinne vya kundi linganishi. Kila kikombe kina mililita 99 za maji na viluwiluwi 25. Jumla ni vikombe 24 na viluwiluwi 600. Ikiwa una jamii ya mbu wanaojulikana kuwa hawana usugu, kama ile iitwayo Rockefeller inayofugwa katika maabara nyingi, nayo ipimwe siku hiyohiyo kwa miyeyusho hiyohiyo, na idadi huongezeka mara mbili. Kazi ni kubwa, lakini bila jamii ya kulinganisha, LC50 ya mtaani ni namba isiyo na pa kusimama.

Hamisha viluwiluwi kwa kichujio kidogo au pipeti yenye mdomo mpana, ukiwaacha nje walio wadogo, waliojeruhiwa na wavivu. Wasihesabiwe 25 wa kikombe cha kwanza, kisha 25 wa cha pili, na kuendelea hivyo hadi mwisho, kwa sababu wanaokamatwa kwanza ndio wasioweza kukimbia, na vikombe vya mwanzo vitajaa dhaifu. Gawa watano watano kwa mzunguko mpaka kila kikombe kitimie.

Kisha tia mililita 1, ukianza na kundi linganishi, ambalo hupewa ethanoli tupu, na kupanda kutoka ukolezi mdogo hadi mkubwa. Ncha ya mikropipeti iingie chini ya uso wa maji, na maji yakorogwe taratibu. Andika saa. Vikombe vipangwe mezani bila kufuata mfuatano wa ukolezi, la sivyo upande wa meza ulio karibu na dirisha utaingiza joto lake kwenye matokeo yako.

Baada ya saa 24, hesabu. Aliyekufa ni yule asiyetikisika hata akiguswa kwa sindano kwenye mrija wa kupumulia au shingoni. Anayekaribia kufa ni yule asiyeweza kupanda juu kuvuta hewa, au asiyezama kwa kujipinda, kama ilivyo kawaida yao, maji yanapotikiswa. Naye huhesabiwa pamoja na waliokufa. Kwa kuwa kundi hili la pili linahitaji hukumu ya jicho, mtu mmoja ahesabu vikombe vyote, na ikiwezekana asijue kikombe kipi kina nini. Waliogeuka pupa huondolewa kwenye hesabu kabisa: kikombe chenye pupa mmoja kina viluwiluwi 24, si 25. Zaidi ya asilimia 10 ya kundi linganishi wakigeuka pupa, jaribio hilo linatupwa.

Shughuli yote hurudiwa kwa siku tatu tofauti, kwa viluwiluwi wapya na miyeyusho iliyotengenezwa upya. Vikombe vinne vya siku moja vimetoka kwenye chupa moja na beseni moja. Vinaonyesha tofauti kati ya kikombe na kikombe, lakini haviwezi kufichua kosa la mzani.

Vifo visivyotokana na dawa

Tuseme matokeo ya siku moja ni haya. Katika kundi linganishi walikufa 7 kati ya 100. Katika vipimo vya 2, 3, 4.5, 6.8 na 10 walikufa 16, 30, 59, 79 na 95, kila kimoja kati ya 100. Hakuna pupa.

Kabla ya fomula yoyote, tazama kikombe kimoja kimoja cha kundi linganishi. Kama vile saba waligawanyika 1, 2, 1 na 3, ni vifo vya kawaida vya viluwiluwi. Kama walikuwa 0, 0, 0 na 7, kikombe cha nne kilichafuliwa au kilipata viluwiluwi wabovu, na hakuna marekebisho ya kihesabu yatakayotibu hali hiyo. Jumla ni ileile, lakini maana yake ni nyingine kabisa, na ndiyo sababu daftari linapaswa kuhifadhi namba ya kila kikombe badala ya jumla peke yake.

Kanuni inayofuatwa ni kwamba vifo vya kundi linganishi vikiwa chini ya asilimia 5 havirekebishwi, vikiwa kati ya 5 na 20 hurekebishwa kwa fomula ya Abbott ya mwaka 1925, na vikizidi 20 jaribio zima hutupwa. Fomula yenyewe, ambamo P ni sehemu ya waliokufa kwenye dawa na C ni sehemu ya waliokufa kwenye kundi linganishi, ni hii:

```
P' = (P - C) / (1 - C)
```

Kosa lililozoeleka ni kutoa tu, yaani 59 kuondoa 7 na kuandika asilimia 52. Fikiria viluwiluwi 100 wa kipimo cha 4.5. Saba wangekufa hata bila dawa, kwa hiyo dawa ilikuwa na 93 tu wa kuonyesha nguvu zake juu yao. Iliua 52 kati ya hao 93, ambayo ni asilimia 55.9. Kwa njia hiyo vipimo vyetu vitano vinakuwa na vifo vilivyorekebishwa vya asilimia 9.7, 24.7, 55.9, 77.4 na 94.6. Angalia kwamba marekebisho yamegusa sana kipimo cha chini, kutoka 16 hadi 9.7, na karibu hayakugusa kile cha juu. Kwa hiyo kundi linganishi lenye vifo vingi huharibu zaidi mkono wa chini wa mstari, na hutikisa mwinuko wake pamoja na LC50.

Kutoka asilimia hadi mstari

Vifo vikichorwa dhidi ya ukolezi hutoa umbo la herufi S, kwa sababu kila kiluwiluwi ana kiwango chake cha kustahimili, na wengi wao wako karibu na katikati. Mwaka 1934 Bliss alipendekeza kubadilisha asilimia kuwa probiti: unatafuta kwenye jedwali la mgawanyo wa kawaida thamani inayolingana na sehemu ya waliokufa, kisha unaongeza 5 ili kuepuka namba hasi. Asilimia 50 huwa probiti 5, na asilimia 90 huwa 6.28. Dhidi ya logarithimu ya ukolezi, ile S hunyooka.

Kwa mfano wetu, logarithimu za ukolezi ni 0.301, 0.477, 0.653, 0.833 na 1.000. Probiti zake ni 3.70, 4.32, 5.15, 5.75 na 6.61. Chora nukta hizo kwenye karatasi ya mraba hata kama utatumia kompyuta baadaye. Jicho huona kwa haraka mkunjo au nukta iliyotoroka, mambo ambayo jedwali la matokeo huyaficha. Mstari ulionyooka unaopita katikati yao una mwinuko wa karibu 4.1, na unakata probiti 5 kwenye logarithimu 0.63, yaani ukolezi wa mikrogramu 4.2 kwa lita.

Mstari huo wa mkono unazipa nukta zote uzito sawa, jambo ambalo si haki. Nukta zilizo karibu na nusu zina habari nyingi, za pembeni zina kidogo, na ya chini imedhoofishwa zaidi na marekebisho. Vilevile, kipimo kilichoua wote hakina probiti, kwa kuwa thamani yake haina mwisho, na watu hukifuta au kukibuni. Mbinu ya ukadiriaji wa uwezekano mkubwa zaidi huondoa matatizo hayo yote, na ni bora kuipa pia takwimu ghafi za kundi linganishi ili vifo vya kawaida vikadiriwe pamoja na mstari, badala ya kuviondoa mapema kana kwamba 7 ni namba isiyo na shaka. Katika programu ya R inatosha hivi:

```r
d <- c(0, 2, 3, 4.5, 6.8, 10)
r <- c(7, 16, 30, 59, 79, 95)
n <- rep(100, 6)
L <- function(t) {
  C <- plogis(t[3])
  F <- pnorm(t[2] * (log10(d) - t[1]))
  -sum(dbinom(r, n, C + (1 - C) * F, log = TRUE))
}
f <- optim(c(0.6, 4, -2.6), L, method = "BFGS", hessian = TRUE)
s <- sqrt(diag(solve(f$hessian)))
10^(f$par[1] + c(-1.96, 0, 1.96) * s[1])
10^(f$par[1] + qnorm(0.9) / f$par[2])
```

Mstari wa kabla ya mwisho hutoa LC50 na mipaka yake ya asilimia 95, na wa mwisho hutoa LC90. Kwa takwimu hizi LC50 ni karibu mikrogramu 4.3 kwa lita, na LC90 karibu 8.7. Ukichukulia vifo vya kawaida kuwa asilimia 7 kamili, mipaka ya LC50 huwa takriban 3.9 na 4.6. Ukiikadiria pamoja na mstari, kama programu hiyo inavyofanya, mipaka hupanuka kidogo, na huo ndio upana wa kweli.

Kisha pima kama mstari unalingana na nukta. Kwa mfano wetu kai-mraba ni karibu 0.8 kwa digrii huru 3, mbali sana na kikomo cha 7.81. Thamani ikivuka kikomo, usikimbilie kubadilisha modeli. Rudi kwenye vikombe. Kama kikombe kimoja ndicho kinachopishana na wenzake watatu, kosa ni la mikropipeti au la uchafu. Kama vikombe vyote vinne vya kipimo kimoja viko juu au chini ya mstari kwa pamoja, chupa ya kipimo hicho ilitengenezwa vibaya. Kama nukta zinapanda, zinalala katikati na kupanda tena, huenda jamii yako ina makundi mawili, wenye usugu na wasio nao, na hapo LC50 moja haielezi kundi lolote kati ya hayo.

Kuisoma namba

LC50 ya mtaani hugawanywa kwa LC50 ya jamii isiyo na usugu iliyopimwa pamoja nayo. Kama jamii hiyo ilitoa 3.1, uwiano wetu ni 1.4. Kwa kigezo cha Shirika la Afya Duniani, uwiano chini ya 5 huonyesha kwamba mbu bado wanaathirika na dawa, kati ya 5 na 10 ni usugu wa wastani, na zaidi ya 10 ni usugu mkubwa. Linganisha pia mwinuko. Ukishuka kutoka 4 hadi 2 wakati LC50 haijasogea sana, jamii imeanza kuwa na mbu wa aina mbalimbali, na LC90 itakuwa imesogea kabla LC50 haijatikisika.

LC99 isichukuliwe kwenye mstari wa jaribio hili, kwa kuwa iko juu ya kipimo chetu kikubwa, mahali ambapo hakuna kikombe hata kimoja. Anayeihitaji aongeze vipimo vya juu na viluwiluwi wengi zaidi. Wala LC90 ya maabara si kipimo cha kutia kwenye pipa: temefosi kwenye maji ya kunywa huruhusiwa hadi miligramu 1 kwa lita, zaidi ya mara mia ya LC90 yetu, kwa sababu pipa lina kuta, matope na maji yanayochotwa na kujazwa kila siku.

Utaratibu huu pia hauhamishiki mzima mzima kwa kila dawa. Bakteria wa Bti, wanaotumika kwa mbu wa malaria mjini Dar es Salaam, ni chembe ambazo kiluwiluwi lazima azile, kwa hiyo huchanganywa kwa maji badala ya ethanoli, na chupa hutikiswa kabla ya kila mchoto ili chembe zisitulie chini. Dawa zinazovuruga ukuaji, kama piriproksifeni, haziui kiluwiluwi ndani ya saa 24. Huko viluwiluwi hulishwa chakula, husubiriwa hadi wa mwisho katika kundi linganishi awe mbu kamili au afe, na kinachohesabiwa ni walioshindwa kutoka kwenye pupa.

Katika ripoti, pamoja na LC50 na LC90, toa mipaka yake, mwinuko, kai-mraba, vifo vya kundi linganishi kabla ya marekebisho, hatua ya ukuaji, joto la maji, na idadi ya viluwiluwi kwa kila kipimo kwa kila siku.